Unga Mia, Maji Sabini na Tano

Mtu akikwambia mkate wake umekandwa kwa maji asilimia 75, hasemi kwamba robo tatu ya donge lile ni maji. Anasema kwamba kwa kila gramu 100 za unga ametia gramu 75 za maji. Waokaji wa biashara hupiga hesabu zao zote hivyo: unga ndio mia, uwe nusu kilo au gunia zima, na kila kingine hupimwa kwa kulinganishwa nao. Chumvi asilimia 2, hamira nusu asilimia, maji asilimia 65. Ukijumlisha vyote na unga wenyewe unavuka mia, na wapo wanaodhani hesabu imekosewa. Haijakosewa. Unga ndio kipimo, si sehemu ya jumla.

Faida ya hesabu hii ni kwamba inakuonyesha donge kabla hujaligusa. Nusu kilo ya unga kwa gramu 300 za maji ni asilimia 60, na mwokaji yeyote atajua hilo ni donge la kukandika vizuri mezani. Nusu kilo hiyo hiyo kwa gramu 400 ni asilimia 80, na atajua litamng'ang'ania vidole. Kwa kuwa mililita moja ya maji ina uzito wa gramu moja, huhitaji hata jagi la kupimia: weka bakuli juu ya mizani, rudisha namba kwenye sifuri, mimina.

Mizani ya gramu ni ya lazima hapa. Mapishi mengi tunayoachiana majumbani yameandikwa kwa vikombe, na kikombe cha unga hakina uzito mmoja. Chukua maelekezo ya kawaida kabisa: vikombe vitatu vya unga, kikombe kimoja na nusu cha maji. Kikombe cha mililita 240 kikijazwa kwa unga uliochekechwa, ukaachwa uanguke wenyewe, kitabeba gramu 120 hivi. Kikombe hicho hicho kikichotwa moja kwa moja kwenye pakiti kitafika gramu 150, kwa sababu unga umejishindilia. Maji hayashindiliki, kikombe kimoja na nusu ni gramu 360 kwa kila mtu. Basi aliyechekecha ana gramu 360 za unga kwa 360 za maji, asilimia 100, rojo lisiloshikika. Aliyechota ana gramu 450 kwa 360, asilimia 80, donge laini sana lakini linalowezekana. Wote wawili wamefuata karatasi moja, na mmoja wao atalaumu hamira.

Maandazi mengi hukaa kwenye asilimia 50 hadi 55, kwa sababu donge lazima lisukumwe, likatwe na libaki na pembe zake. Chapati laini na mkate wa kopo wa kukata vipande huwa kati ya 60 na 65. Mkate mrefu wa Kifaransa hupanda mpaka 65 au 70. Juu ya hapo tunaingia kwenye mikate ya Kiitaliano, na ninaoutumia kama mfano leo ni chabata, ule mkate bapa wenye ganda jembamba na matundu makubwa yasiyolingana ndani. Watu wengi huudhania kuwa wa kale. Ulianzishwa mwaka 1982 na Arnaldo Cavallari, msaga unga wa mji wa Adria, kusini mwa Venisi, ambaye kabla ya hapo alijulikana kama dereva wa mbio za magari. Mkate wa Kifaransa ulikuwa unawanyang'anya waokaji wa Italia wateja wa sandwichi, naye akatafuta jibu lake. Jibu lilikuwa unga wenye nguvu na maji mengi kuliko ambavyo mwokaji wa kawaida angevumilia, kwenye asilimia 75 hadi 80 na zaidi.

Kwa nini maji yalete matundu? Anza na jambo ambalo wengi hawalijui: hamira haitengenezi viputo vipya. Viputo vya kwanza ni hewa inayonaswa unapochanganya na kukanda. Kazi ya hamira ni kutoa gesi ya kaboni dioksidi, ambayo huyeyuka kwenye maji ya donge, kisha huhamia ndani ya viputo vilivyokwisha kuwapo na kuvijaza. Kuta za viputo hivyo ni gluteni, utando unaotokea protini za ngano zinapokunywa maji na kushikana. Kwenye donge kavu utando huo ni mgumu na unavuta kurudi ndani, kwa hiyo gesi inasukumana nao kama mtu anayepuliza puto jipya ambalo bado halijalainika. Kila kiputo hukua kidogo na kukomea hapo, na mkate hutoka na vitundu vidogo vingi vinavyofanana. Ongeza maji, na utando unalegea. Kiputo kinatanuka bila kuzuiliwa, kinakutana na jirani yake, ukuta kati yao unapasuka na viwili vinakuwa kimoja. Hapo ndipo unapopata tundu la kuingiza kidole kando ya tundu la ukubwa wa mchele.

Tanuri humalizia kazi. Joto la ndani linapopanda gesi hutanuka, maji hugeuka mvuke na kusukuma zaidi, na donge lililolegea hufuata msukumo huo. Kuanzia nyuzi 60 hivi za Selsiasi, wanga huanza kunywa maji na kuvimba, na ndio unaozifanya kuta zisimame. Pakiwa na maji ya kutosha wanga huiva kwelikweli. Kata mkate wa asilimia 78 ulioiva, uinue kwenye mwanga wa dirisha: kuta za matundu zinang'aa na zinapitisha mwanga kidogo. Za mkate wa asilimia 60 ni nyeupe na kavu, kama unga wenyewe.

Ugumu wa kulishika donge hilo unatokana na sababu ile ile. Utando uliolegea vya kutosha kuachia kiputo kikue umelegea pia kiasi cha kushindwa kulisimamisha donge, kwa hiyo ukiliweka mezani linatambaa kwenda pembeni badala ya kwenda juu. Maji ambayo unga haukuyashika yako huru, nayo hushika chochote: vidole, meza, kitambaa. Ukivuta kwa nguvu ili ujinasue unachana utando, gesi inatoka, na uso uliochanika unanata kuliko mwanzo.

Hapo ndipo mkono unapokimbilia pakiti ya unga. Tupige hesabu. Una gramu 500 za unga na gramu 375 za maji, asilimia 75. Unanyunyiza konzi moja, kisha nusu konzi, tuseme gramu 40 kwa jumla. Sasa una 375 kwa 540, na ukigawa unapata asilimia 69. Chumvi nayo imeshuka kutoka asilimia 2 mpaka chini ya 1.9, na sehemu ya unga ule mpya haikukandwa, itajitokeza kama michirizi mizito ndani ya mkate. Kama ungetaka mkate wa asilimia 69 ungeupima tangu mwanzo, ukalala usingizi. Unga wa kunyunyiza una mahali pake, napo ni juu ya meza wakati wa kukata. Kabla ya hapo, lowesha mikono kwa maji na uguse donge haraka haraka. Mkono mkavu unanata. Mkono wenye maji unateleza.

Sasa tufanye mkate wenyewe, kwa kipimo cha nyumbani: unga wa ngano mweupe gramu 500, maji gramu 375, chumvi gramu 10, hamira ya haraka ya punje ndogo gramu 2, ambayo ni nusu kijiko cha chai na kidogo zaidi. Kwanza tazama kando ya pakiti, kwenye jedwali la lishe, kiasi cha protini. Kwa asilimia 75 tafuta unga wenye gramu 11.5 na kuendelea kwa kila gramu 100. Unga wa gramu 9 au 10 ni mzuri kwa keki na maandazi, lakini hauna protini ya kutosha kubeba maji hayo. Kwa unga wa namna hiyo komea 65, na usijilaumu.

Usimimine maji yote mara moja. Weka pembeni gramu 50. Changanya unga na gramu 325 zilizobaki mpaka usione tena unga mkavu, funika, uache nusu saa bila hamira wala chumvi. Mfaransa Raymond Calvel, mwalimu wa waokaji, ndiye aliyeifanya hatua hii ijulikane katika miaka ya 1970. Muda huo unga unakunywa maji polepole na gluteni inaanza kujifunga yenyewe, na utaona: donge uliloliacha likiwa na mabonge na linachanika, baada ya nusu saa linavutika.

Tia hamira na chumvi, kanda dakika tano au sita. Kwenye asilimia 65 hii bado ni donge la kawaida, unaweza kulikanda ulivyozoea. Likishakuwa nyororo ndipo uanze kuyaingiza maji yale 50, kijiko kimoja kimoja. Hapa watu hutishika. Donge likiguswa na maji mapya hukatikakatika, huteleza bakulini, na huonekana limeharibika kabisa. Endelea kulibana kati ya vidole na kulikunja juu yake lenyewe, na baada ya dakika moja hivi litayameza na kushikamana tena; kisha kijiko kinachofuata. Ukiona limekaa dakika tatu likiogelea na halishikamani, umefika mwisho wa unga wako. Acha hapo, pima maji yaliyobaki, toa kwenye 375, na utajua kwa namba kamili unga wa pakiti ile unaweza kubeba nini. Namba hiyo iandike juu ya pakiti kwa kalamu.

Baada ya hapo hakuna kukanda tena. Lihamishie kwenye chombo kilichopakwa mafuta kidogo, funika. Kila baada ya nusu saa lowesha mkono, shika ukingo mmoja wa donge, livute juu mpaka linapotaka kukataa, likunje mpaka upande wa pili. Zungusha chombo, rudia pande zote nne. Fanya hivyo mara tatu au nne. Kunjo la kwanza litakuwa la fujo. La tatu utashangaa: donge limekuwa na mwili, linabaki limekunjwa, na halinati kama mwanzo ingawa maji hayajapungua hata gramu moja. Unataji mwingi wa mwanzo hautokani na wingi wa maji peke yake bali na gluteni ambayo bado haijajipanga kuyashika.

Kwa Mombasa, Dar es Salaam au Unguja jihadhari na joto. Donge lenye maji mengi huchacha haraka kuliko kavu, na jikoni kwenye nyuzi 30 hamira haina subira. Tumia maji ya friji, na fanya makunjo kila baada ya dakika ishirini. Usiamini saa, tazama donge. Likiongezeka kwa robo tatu hivi, uso ukawa na viputo na chombo kikitikiswa likatetema, liko tayari. Ukingoja mpaka lianze kuzama katikati umechelewa, na donge laini lililochelewa halisameheki, kwa sababu tindikali na vimeng'enya vimeshaula utando. Njia salama kwetu watu wa joto ni kuliingiza kwenye friji baada ya kunjo la mwisho na kuliacha usiku kucha. Mbali na kupunguza kasi, ubaridi hulikaza donge, na asilimia 75 ya baridi hushikika kirahisi kuliko asilimia 75 ya jikoni.

Wakati wa kukata ndipo unga wa kunyunyiza unapotumika, bila ubahili. Mimina donge mezani kwa kugeuza chombo, lishuke lenyewe. Nyunyiza juu pia. Pitisha mikono chini yake, livute taratibu liwe mstatili, likate mawili kwa kisu kikubwa kwa kubonyeza chini, si kwa kwenda mbele na nyuma kama msumeno. Usilipige, usilitoe gesi, usijaribu kulifanya mviringo. Hamishia vipande kwenye karatasi ya kuokea, acha dakika thelathini. Tanuri liwe limewashwa kwenye nyuzi 230 kwa muda mrefu kabla, na sinia lake ndani lishike moto. Telezesha karatasi juu ya sinia, weka bakuli la chuma lenye maji yanayochemka sakafuni mwa tanuri kwa dakika kumi za kwanza, kisha litoe. Dakika 25 mpaka 28 kwa jumla. Rangi iwe ya kahawia ya kukolea kuliko unavyotamani kuitoa, kwa kuwa mkate wenye maji mengi unahitaji muda wa kuyapunguza. Kisha uache upoe saa nzima kabla ya kuukata. Ukiukata moto, ndani utakuwa kama gundi na utadhani haujaiva.

Wanaooka kwa mkaa, sufuria yenye moto chini na juu ya mfuniko, wasifuate asilimia 75. Moto wa juu mara nyingi hautoshi kuliinua donge kabla halijatambaa. Hapo 66 hadi 68 ndani ya sufuria ndogo yenye kuta za kulishikilia itakupa mkate bora.

Kuna vimiminika ambavyo si maji matupu, navyo huchanganya hesabu. Maziwa ya ng'ombe ni maji kwa asilimia 87 hivi, yai ni robo tatu maji. Tui la nazi hutofautiana kulingana na ulivyolikamua, na mafuta yake hulainisha donge bila kuhesabika kama maji. Sukari nyingi nayo hulegeza. Anayetumia chachu ya nyumbani iliyolishwa unga na maji kwa uzito sawa agawanye: gramu 100 za chachu ni 50 za unga na 50 za maji. Akichanganya hizo na unga 450 na maji 325, ana jumla ya unga 500 na maji 375, asilimia 75 ile ile. Unga wa atta ni kisa kingine. Pumba zake hunywa maji mengi, kwa hiyo asilimia 70 ya atta huwa mkononi kama 65 au pungufu ya unga mweupe. Lakini vipande vya pumba hukatakata kuta za viputo, na hata ukizidisha maji hutapata matundu ya chabata. Utapata mkate laini zaidi, ambao ni sababu nzuri tu ya kuyaongeza.

Nasisitiza kwamba maji peke yake hayatoshi kwa sababu siku hizi asilimia imekuwa kitu cha kujisifia, mtu anatangaza 85 kana kwamba ni alama za mtihani. Maji hufungua mlango tu. Mkate wa asilimia 68 uliochachishwa vizuri na kushikwa kwa mikono myepesi utakuwa wazi ndani kuliko wa 80 ulioharakishwa au kupondwapondwa. Pia kuna mikate isiyotaka matundu kabisa. Wa kupaka siagi na jamu kwa ajili ya mtoto wa shule uache kwenye 62, la sivyo jamu itaishia kwenye sare.

Kwa anayeanza, nunua pakiti kadhaa za unga wa aina moja na usiubadilishe. Anza na 65. Ukiweza kulishughulikia donge bila unga wa ziada, panda 70 mkate unaofuata, kisha 75. Gramu 500 zikiwa ndizo kipimo chako, kila hatua ni gramu 25 za maji, chini ya vijiko viwili vya chakula, na mkono utaitambua mara moja.

Matokeo yakienda kombo, kata mkate katikati na usome. Pango moja kubwa chini ya ganda na tabaka zito chini yake: donge halikuchacha vya kutosha, wala si suala la maji, liongezee muda. Mkate bapa wenye vitundu vidogo kote: gesi ilitolewa wakati wa kukata, au makunjo hayakutosha kujenga mwili. Bapa, umepauka na una harufu kali ya uchachu: ulichacha kupita kiasi, na ganda limekosa rangi kwa sababu hamira imekula sukari iliyokuwamo. Ndani pamebaki majimaji ingawa umepoa kabisa: dakika tano zaidi tanurini, na ukiwa na kipimajoto cha chakula hakikisha katikati pamefika nyuzi 96.

Na jambo la pwani: mkate wenye maji mengi hukaa laini siku mbili bila shida, lakini ganda lake hulainika jioni ile ile kwa unyevu wa hewa. Usiufungie kwenye mfuko wa plastiki ukitarajia ganda libaki. Ufunike kwa kitambaa, upande uliokatwa ukiwa umelala juu ya ubao, na kabla ya kula urudishe tanurini dakika sita au saba kwenye nyuzi 200.